Domeini ni Yangu, ila Imeili Niliyoisajilia Haipo Tena

*Mshauri, habari za kazi.*

*Nina duka la vipuri vya cherehani Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Wateja wangu wengi wa mikoani na wa Lubumbashi wananipata kupitia tovuti yangu ya .com, ambayo niliisajili mwenyewe mwaka 2013 kwenye kampuni moja ya nje. Wakati huo nilikuwa nafanya biashara pamoja na kaka yangu na tulikuwa na domeini nyingine ya .co.tz, basi nikajisajili kwa imeili ya ile ya zamani. Mwaka 2019 tuligawana, kila mtu akashika lake, domeini ya zamani hatukuilipia tena na imeili ikafa nayo.*

*Sasa nimepata kijana wa kunitengenezea tovuti upya, ananiambia nifungue akaunti ya domeini ili aihamishe. Paswedi siikumbuki. Nikibonyeza "Forgot password" wanasema wametuma linki kwenye in\*\*\*, yaani hiyo hiyo imeili ya info@ isiyokuwepo. Nimewaandikia kwa Gmail yangu, wakajibu kwamba hawazungumzi na mtu asiyeandika kutoka kwenye imeili iliyosajiliwa. Nikawatumia picha ya cheti cha BRELA cha duka langu la sasa, wakanyamaza. Mara ya mwisho nililipia miaka mitano kwa mkupuo, mwaka 2021, kwa kadi ya benki ambayo nayo imekwisha muda. Tovuti bado iko hewani na paswedi ya hostingi ninayo.*

*Nitathibitisha vipi kwamba domeini ni yangu? Na ni kweli nikichelewa mtu mwingine anaweza kuichukua?*

*Mama Vipuri, Kariakoo*

---

Mama Vipuri, kwa leo usiwatumie kitu kingine chochote. Kabla hatujafika kwenye karatasi kuna mlango ambao haujaujaribu, na mlango wenyewe uko kwenye ile domeini ya zamani, si kwa msajili, yaani ile kampuni ya nje uliyoisajilia .com.

Nimeyaangalia majina yote mawili uliyoyaandika chini ya barua yako. Sitayachapa hapa, na sababu utaiona mbele kidogo. Hiyo ya .com, kwenye rejista kuu inasomeka hivi:

```
Creation Date: 2013-08-19T09:12:44Z
Registry Expiry Date: 2026-08-19T09:12:44Z
Domain Status: clientTransferProhibited
```

Mstari wa pili ndio saa yako. Ile herufi Z mwishoni maana yake ni saa za Greenwich, kwa hiyo kwa hapa Dar ongeza tatu: domeini inaisha tarehe 19 Agosti, saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Una miezi mitatu, na kwa kazi hii miezi mitatu inatosha ukianza wiki hii. Mstari wa tatu ni habari njema. Ni kufuli ya uhamisho: hakuna mtu anayeweza kuipeleka domeini yako kwa msajili mwingine mpaka kufuli ifunguliwe kutoka ndani ya akaunti. Hujaibiwa, umefungiwa nje tu.

Utakachokikosa hapo ni jina la mwenye domeini. Tangu Mei 2018, sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kutumika, majina na anwani za wenye domeini hufichwa, na hata kwenye kumbukumbu za msajili mahali pake unakuta `REDACTED FOR PRIVACY`. Watu wengi wakiona maneno hayo hudhani wamefutwa. Hapana, jina ulilojaza mwaka 2013 lipo kama ulivyoliandika, ila analiona msajili peke yake. Likumbuke jambo hilo, maana ndilo lililokuangusha kwenye kile cheti cha BRELA.

Sasa ile ya zamani. Nilipoitafuta jana, ile .co.tz ilikuwa haina mwenyewe. Iliachwa, ikafutwa, na mtu yeyote mwenye fedha ya mwaka mmoja anaweza kuichukua. Fikiria maana yake. Msajili wako hakujui kwa sura wala kwa sauti, anakujua kwa anwani moja ya imeili. Atakayeimiliki ile domeini ya zamani ndiye atakayepokea kila barua inayotumwa kwa info@ yake, pamoja na linki ya kubadilisha paswedi ya akaunti yako. Akiwa ni wewe, umerudi nyumbani kwako kwa mlango wa mbele. Akiwa ni mtu mwingine aliyesoma barua yako, domeini imekwenda. Ndiyo maana sikuchapa majina, na ndiyo maana nakuomba hili ulifanye leo kabla ya kufunga duka.

Mpigie kaka yako kwanza. Jina lilikuwa lenu wote, na zitakapoanza kuingia tena imeili kwenye anwani ile, nyingine zitakuwa zake: wateja wake wa zamani, pengine benki, pengine akaunti zake nyingine alizowahi kuzifungulia hapo. Ajue, na akubali kwa ujumbe wa maandishi, hata WhatsApp inatosha kwa kuanzia. Kisha nenda kwa msajili yeyote wa hapa aliyeidhinishwa kuuza majina ya .tz, isajili kwa jina lako, na uchukue pamoja na huduma ya imeili. Tovuti huihitaji. Unahitaji sanduku la barua tu.

Hapo kwenye imeili kuna kitu kimoja cha kuangalia. Skrini ya msajili inakuonyesha `in***`, wewe unaamini ni info. Huenda ni kweli, ila imepita zaidi ya miaka kumi. Mwambie anayekuandalia imeili awashe mpangilio wa kupokea kila kitu, ambao kwenye hostingi nyingi unaitwa `catch-all`, ili barua yoyote inayokuja kwenye domeini hiyo, iwe info au jina jingine lolote mbele ya @, iangukie sanduku moja. Ikishaandaliwa, subiri. Domeini iliyofufuliwa haionekani dunia nzima papo hapo, maana seva nyingi bado zinakumbuka kwamba haipo, na hilo linaweza kuchukua saa kadhaa hadi siku nzima. Kijana wako anaweza kukagua kwa amri hii, akiweka jina lenyewe:

```
dig +short MX jinalazamani.co.tz
```

Ikijibu jina la seva ya imeili, barabara ipo. Ikikaa kimya, bado. Halafu jitumie imeili ya kawaida kutoka Gmail uone kama inaingia. Ikiingia ndipo urudi kwa msajili na kubonyeza "Forgot password", mara moja tu. Ukibonyeza mara tano mfululizo, mifumo mingi huua linki ya kwanza kila inapotoa ya pili, unabaki unafungua linki zilizokufa.

Na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Umebonyeza, sanduku linapokea barua za watu wengine vizuri, lakini ya msajili haifiki, hata kwenye taka haipo. Kwa miaka yote hiyo msajili amekuwa akikutumia kumbusho, na kila kumbusho likarudi kwake na jibu kwamba anwani haipo. Mifumo ya kutuma barua kwa wingi haipendi barua zinazorudi, kwa hiyo anwani ya namna hiyo huwekwa kwenye orodha ya kufungiwa, na baada ya hapo mfumo hauitumii tena kitu hata kama skrini inasema "tumetuma". Dawa yake ni ndogo. Wafungulie tiketi, safari hii ukiandika kutoka kwenye ile info@ iliyofufuka, uwaombe waiondoe anwani yako kwenye orodha ya barua zilizorudi kisha watume linki upya. Hawana sababu ya kukuogopa: unaandika kutoka kwenye imeili iliyosajiliwa, sharti walilokupa wenyewe, na wala huwaombi wabadilishe chochote.

Ukishaingia, usikimbilie kufuta imeili ya zamani. Ukibadilisha imeili ya mwenye domeini, kwa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zilizoanza Desemba 2016, msajili hutakiwa kupata uthibitisho wa upande wa zamani na wa upande mpya, kwa hiyo barua moja itakwenda info@ na nyingine itakuja Gmail yako. Zijibu zote mbili. Baada ya hapo itakuja nyingine ya kuhakiki anwani mpya, nayo ina siku 15. Ukiipuuza ukidhani ni matangazo, msajili anaweza kuisimamisha domeini, na tovuti iliyokuwa ikifanya kazi siku zote hizo itazimika kwa sababu ya linki moja ambayo hukuibonyeza. Angalia pia kama akaunti ina namba ya simu ya kutumiwa msimbo wa kuingilia. Laini uliyoitumia 2013 kama uliiacha, huenda leo iko mkononi mwa mtu mwingine.

Ile domeini ya zamani endelea kuilipia hata baada ya hapo. Hujui ni akaunti ngapi nyingine, zako na za kaka yako, zilifunguliwa kwa anwani zake. Na imeili mpya ya akaunti isiwe info@ ya hiyo .com yako, maana siku domeini ikizima, na barua ya kukusaidia kuiwasha itakuwa imezima pamoja nayo.

Tuje kwenye karatasi, endapo utakuta .co.tz imeshachukuliwa au msajili atagoma. Na kama imechukuliwa na mtu usiyemjua, anza kwa kumwandikia msajili kwamba imeili iliyo kwenye akaunti yako sasa iko mikononi mwa mtu mwingine, na uwaombe wazuie mabadiliko ya paswedi mpaka uhakiki umalizike. Hilo watalisoma haraka kuliko ombi lolote la kusaidiwa, kwa sababu domeini ikiibiwa mzigo ni wao pia.

Kwa nini walinyamaza ulipowatumia cheti? Jiweke upande wa yule mhudumu wa msajili. Amefungua akaunti, anaona mwenye domeini ni jina la biashara yenu ya zamani, anwani ya zamani, imeili ya zamani. Mkononi ana picha ya simu ya cheti cha biashara nyingine kabisa, kimetumwa na Gmail asiyoijua. Mbele yake wewe unafanana sawasawa na mwizi. Hakuulizi kama una duka Kariakoo, anauliza kama wewe ndiye yule aliyeandikwa mwaka 2013. Ukiijibu hoja hiyo, na hiyo peke yake, utasikilizwa.

Kwa hiyo cheti kinachotakiwa ni cha jina lile la zamani. Kama nakala mliipoteza, BRELA wana kumbukumbu, na unaweza kuomba nakala iliyothibitishwa au taarifa rasmi ya jina hilo inayoonyesha wenye biashara walikuwa nani. Hapo jina lako litaonekana kando ya jina la kaka yako, na ndicho kiungo unachokihitaji: jina lililo kwenye akaunti, chini yake jina lako, na jina lako hilo hilo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Kama mwaka 2013 ulikuwa unatumia jina la baba na leo unatumia la mume, weka na cheti cha ndoa, usimwachie mhudumu aliye ng'ambo akisie.

Halafu kaka yako. Kwa macho ya msajili, ukijaza sehemu ya jina la taasisi, taasisi ndiyo mwenye domeini, na wewe uliyejaza fomu ni mtu wa mawasiliano tu. Biashara ilikuwa ya wawili, kwa hiyo mmoja akija peke yake swali la haki la msajili ni kama mwingine amekubali. Barua ya kaka yako inayosema kwamba mlipogawana 2019 domeini ya .com ilibaki kwako, yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho chake, inaziba pengo hilo. Nendeni wote wawili kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, aandike kiapo kifupi kwa Kiingereza, maana msomaji wake yuko nje: jina la domeini, tarehe iliposajiliwa, anwani ya imeili iliyokufa na kwa nini ilikufa, na imeili mpya unayotaka iwekwe. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeviona viapo vya kurasa nane vyenye historia ya ukoo mzima ambavyo imeili haikutajwa hata mara moja.

Ushahidi wenye nguvu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni wa malipo, na wewe unao hata kama hujui. Kadi imekwisha muda, lakini benki haijasahau. Uliisajili tarehe 19 Agosti 2013 na kuilipia mwaka 2021, bila shaka karibu na tarehe hiyo hiyo, kwa sababu watu wengi hulipa kumbusho linapokuja. Nenda tawini uombe taarifa ya akaunti ya Julai hadi Septemba 2021, yenye muhuri. Tafuta mstari wenye jina la msajili, au jina la kampuni inayompokelea malipo, ambalo mara nyingine halifanani na jina lake kabisa. Pigia mstari huo alama. Kwenye mfumo wao malipo hayo yameandikwa tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi, na vikilingana na karatasi yako, hilo ni jambo ambalo mwizi wa kawaida hawezi kulitengeneza. Tuma tarakimu nne za mwisho tu. Namba nzima ya kadi hata ikiwa imekufa usimpe mtu.

Karatasi zitume zikiwa nzima, zimepigwa skani kurasa zote, pembe zote nne zinaonekana. Picha iliyokatwa ili kuonyesha mstari mmoja inaleta shaka kuliko kutotuma kitu. Na usiguse chochote kwenye kompyuta, hata kurekebisha herufi moja ya jina iliyokosewa na benki. Kosa likiwepo, lieleze kwenye barua.

Hizo zote zipeleke mahali panapostahili. Wasajili wengi wana fomu maalumu ya mtu aliyepoteza imeili ya akaunti, tofauti na ile ya maswali ya kawaida uliyoitumia. Itafute kwenye kurasa zao za msaada. Ukishapewa namba ya tiketi, jibu ndani ya tiketi hiyo hiyo kila mara. Ukifungua mpya kila ukiona kimya, kila mhudumu anaanza upya na karatasi zako zimebaki kwa mwenzake.

Nakuonya juu ya ushahidi mmoja unaopendwa sana na mafundi wetu: "tutawaonyesha kwamba tunaweza kubadilisha tovuti, wataamini." Paswedi ya hostingi inathibitisha kwamba unashika hostingi. Hata mimi ningeweza kushika hostingi ya mtu na domeini isiwe yangu. Msajili makini anaweza kukuomba uweke rekodi ya maandishi kwenye mipangilio ya domeini kama nyongeza, na akiomba iweke, ila usiifanye ndiyo hoja yako kuu.

Lakini hiyo paswedi ya hostingi ina faida nyingine, na hapa nina neno na kijana wako. Kuhamisha tovuti na kuhamisha domeini ni vitu viwili. Ili tovuti mpya ionekane, haihitajiki domeini itoke kwa msajili wake, inatosha jina lielekezwe kwenye seva mpya. Na kwa kuwa domeini yako inaelekezwa na seva za hostingi yako ya sasa, mwelekeo huo unabadilishwa humo humo, kwenye sehemu inayoitwa `Zone Editor` ukiwa na cPanel: rekodi ya A ya jina lako inabadilishwa iwe namba ya seva mpya, basi. Tovuti mpya inaweza kuwa hewani wiki hii huku wewe ukiendelea kubishana na msajili. Kama imeili zako za dukani zinakaa kwenye hostingi ya zamani, rekodi za MX, zile zinazoelekeza imeili, zibaki zikielekea huko, na kama zimeandikwa jina la domeini yenyewe azielekeze kwanza kwenye jina la seva ya zamani kabla ya kubadilisha A, la sivyo oda za Lubumbashi zitaanza kupotea. Na muhimu kuliko yote, hostingi ya zamani usiiache ikaisha. Ikizima, seva zinazoielekeza domeini zinazima nayo, na mahali pekee pa kuweka seva nyingine ni ndani ya akaunti usiyoweza kuifungua.

Kijana akikuambia "achana nayo mama, nikusajilie nyingine mpya kwa akaunti yangu", kataa. Jina litakalokuwa kwenye akaunti ndilo litakalokuwa mwenye domeini, na baada ya miaka michache utaniandikia tena, safari hiyo ukiwa huna hata risiti.

Swali lako la pili: ndiyo, mtu mwingine anaweza kuichukua, ila si saa ile ile inapoisha. Msajili analazimika kukukumbusha takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya tarehe, na mara moja zaidi ndani ya siku tano baada ya kuisha, lakini kumbusho zote zinakwenda kwenye imeili iliyokufa. Baada ya tarehe 19 Agosti, kwa .com, msajili anaweza kukaa nayo hadi siku 45 na wewe ukaweza kuilipia. Asizimalize zote, hiyo ni hiari yake, na wasajili wengi huanza kuipiga mnada kabla siku hizo hazijaisha. Akiifuta, kuna siku 30 za kuikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku tano za mwisho ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote. Halafu inaachiwa, na majina ya zamani yenye wageni hunyakuliwa na programu ndani ya sekunde.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: kuifungua akaunti, na kuilipia domeini. La pili halingoji la kwanza. Wapo wasajili wanaopokea malipo ya kuhuisha domeini kutoka kwa mtu yeyote, bila kuingia kwenye akaunti, kwa sababu anayelipa hapati haki yoyote juu ya jina. Waulize kwa ujumbe mfupi ulio peke yake: nataka kulipia mwaka mmoja wa domeini hii, sitaki kubadilisha chochote, nilipe vipi? Swali hilo mhudumu anaweza kulijibu hata kama bado hajakuamini. Wakikubali, lipa mapema, hata kesho, na mwaka unaongezwa mbele ya ule uliopo, hupotezi siku.

Wakikaa kimya kabisa, hata baada ya karatasi zote, ICANN wana fomu ya malalamiko kwenye tovuti yao. Hawatakurudishia akaunti, kazi hiyo si yao, ila wanaweza kumtaka msajili aeleze kwa nini hajibu. Ambatanisha namba ya tiketi na tarehe ulizoandika. Anayekuambia kwa simu kwamba ana mtu ndani ya ICANN wa kukutolea domeini, mkatie.

Na Agosti ikifika kabla hujamaliza, utaangalia rejista tarehe 20 na huenda ukakuta `Registry Expiry Date` imeruka hadi 2027. Usishangilie. Rejista ya .com huongeza mwaka yenyewe siku ya kuisha, ikimpa msajili hizo siku 45 za kuamua kama anaibakisha au anaifuta na kurudishiwa fedha yake. Tarehe ya kuiamini ni ile iliyo kwenye kumbukumbu za msajili mwenyewe, inayosomeka `Registrar Registration Expiration Date`. Kama hiyo bado ni 2026, hakuna aliyelipa.